Kuhesabu Vichwa vya Habari Hakutoshi: Jinsi ya Kuukamata Upendeleo wa Uthibitisho

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wa saikolojia aliye mwaka wa mwisho. Ameandika hivi: "Shikamoo dada. Tasnifu yangu nataka iwe juu ya upendeleo wa uthibitisho kwenye habari. Nitawaonyesha washiriki vichwa vya habari kumi, wachague vitatu wanavyotaka kusoma, kisha nihesabu vingapi vinakubaliana na msimamo wao. Inatosha?"

Marahaba, mdogo wangu. Haitoshi. Naandika hapa badala ya kukujibu wewe peke yako kwa sababu swali hili nimeulizwa mara nyingi, na kwa sababu mimi mwenyewe tasnifu yangu ilikuwa juu ya jambo hilihili na nilipita nalo njia ngumu.

Upendeleo wa uthibitisho ni ile tabia ya kutafuta, kutafsiri na kukumbuka taarifa kwa namna inayoulinda msimamo ambao mtu anao tayari. Angalia vitenzi vilivyomo: kutafuta, kutafsiri, kukumbuka. Mpango wako umegusa kutafuta tu, na hicho ndicho kigumu kuliko vyote kukithibitisha. Mtu akichagua kichwa cha habari kinachokubaliana naye, hujui bado kwa nini amekichagua. Huenda jambo lenyewe linahusu kazi yake. Huenda chombo kilichoiandika habari hiyo kimekuwa kikimpa taarifa sahihi kwa miaka, na kukiamini ni busara ya kawaida. Huenda watu anaoishi nao wanasoma hichohicho, naye anakikuta mezani kila siku. David Sears na Jonathan Freedman waliliandika hili mwaka 1967: kwamba watu hukutwa wamezungukwa na taarifa zinazokubaliana nao ni kweli, lakini hiyo peke yake haithibitishi kwamba wamezitafuta kwa sababu zinakubaliana nao.

Kuna utafiti mmoja ambao kila anayetaka kupima uchaguzi wa habari lazima ausome mpaka auelewe. Shanto Iyengar na Kyu Hahn, mwaka 2009, walichukua vichwa vya habari vilevile na kuvibandika nembo za vyombo vinne kwa bahati nasibu: Fox, CNN, NPR na BBC. Kichwa kimoja, mtu mmoja akakiona na nembo ya Fox, mwingine na nembo ya CNN. Wafuasi wa chama cha Republican walivutwa na nembo ya Fox na kuziepuka CNN na NPR, wale wa Democratic wakaikwepa Fox. Hata habari za safari na michezo, ambazo hazina siasa ndani yake, zilichaguliwa kwa kufuata nembo, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa hiyo ukiacha jina la chombo lionekane kwenye vichwa vyako kumi, utakuwa umepima imani ya mtu kwa chombo, kisha ukaiandikia jina lingine.

Mimi mada yangu ilikuwa kufanya kazi nyumbani, kama kunaongeza tija au kunaipunguza. Niliichagua kwa sababu watu wana msimamo juu yake lakini hawapigani. Msimamo niliupima mapema, kwenye hojaji tofauti, nikiuficha katikati ya maswali ya mambo mengine, kwa kipimo cha 1 mpaka 7. Baadaye ndipo wakaja kuchagua. Nembo zote niliziondoa. Vichwa viliandikwa kwa jozi, maneno yaleyale, kitenzi kimoja tu kikibadilika: "Kufanya kazi nyumbani kwaongeza tija, watafiti wasema" na "Kufanya kazi nyumbani kwapunguza tija, watafiti wasema". Kimoja kisipambwe kuliko kingine.

Siku ya kutetea tasnifu, mjumbe mmoja wa jopo hakufungua hata ukurasa wa mbinu. Akasema, mbele ya watu, "Watu husoma wanachokipenda, hili hata mtoto anajua. Utafiti wa nini?" Nilifaulu, na kwa alama nzuri, lakini kauli ile ilinikaa moyoni na mpaka leo sijaisahau. Iliniuma kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yangu haikuwa juu ya watu kusoma wanachokipenda. Ilikuwa juu ya kinachotokea wakishapewa kile wasichokipenda. Huko ndiko nataka nikupeleke, kwa sababu upendeleo wenyewe unaonekana vizuri zaidi kwenye kusoma kuliko kwenye kuchagua.

Mwaka 1979 Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper waliwaita wanafunzi 48, nusu wakiunga mkono adhabu ya kifo na nusu wakiipinga. Kila mmoja akasoma muhtasari wa tafiti mbili, moja ikionyesha kwamba adhabu hiyo inazuia mauaji, nyingine ikionyesha haizuii. Tafiti hizo zilitungwa na watafiti wenyewe. Moja ililinganisha kiwango cha mauaji katika majimbo 14 kabla na baada ya kuanzisha adhabu ya kifo. Ya pili ililinganisha jozi 10 za majimbo jirani, moja lenye adhabu hiyo na lingine lisilo nayo. Na hapa ndipo penye ufundi: kwa nusu ya washiriki mbinu ya kabla na baada ndiyo iliyoiunga mkono adhabu, kwa nusu nyingine mbinu hiyohiyo ikaipinga. Ubora wa mbinu haukubadilika, matokeo tu yaligeuzwa.

Washiriki wakasema utafiti unaokubaliana nao umefanywa vizuri zaidi na unashawishi zaidi, mbinu yoyote iliyotumika. Yaani mbinu ileile iliyosifiwa na huyu ilipompa ushindi, ilishushwa na yule ilipompinga. Walipoulizwa wamebadilika kiasi gani, makundi yote mawili, kwa wastani, yakajiona yamezama zaidi kwenye upande yaliotoka nao. Hapo kuna tahadhari: mabadiliko hayo waliyakadiria wenyewe, na watafiti waliofuata, walipoupima msimamo kabla na baada, hawakuona kila mara kwamba watu wamesogea hivyo. Tofauti katika kuipima mbinu ndiyo uishike kwa nguvu. Hiyo ya kuzama zaidi, iandike kwa uangalifu.

Mimi nilifanya hivyo kwa makala zangu za kufanya kazi nyumbani, na sitasahau kumtazama mshiriki mmoja akisoma. Makala iliyokubaliana naye aliisoma akiitikia kwa kichwa, akafungua ukurasa wa pili, akamaliza, akaweka alama ya 6 kwa ubora. Ile ya kumpinga aliichukulia kalamu. Akapiga mstari chini ya idadi ya wafanyakazi waliochunguzwa, akarudi juu kuangalia walichunguzwa kwa muda gani, akaandika pembeni "kampuni moja tu?". Alikuwa sahihi, ilikuwa kampuni moja tu. Lakini ile ya kwanza nayo ilikuwa kampuni moja tu, imeandikwa kwenye mstari uleule, na hakuigusa. Kari Edwards na Edward Smith walishaonyesha mwaka 1996 kwamba watu hutumia muda mrefu zaidi kwenye hoja inayowapinga na hutoa dosari nyingi zaidi dhidi yake. Ndiyo maana huwezi kumkamata mtu huyu kwa kusema hoja yake ni mbovu, maana mara nyingi hoja yake ni nzuri kabisa. Kinachomsaliti ni kwamba aliitumia upande mmoja.

Sasa nisikilizeni ninyi mnaosomea saikolojia, maana hapa wengi mnapotea. Msiende kuandika kwenye mapendekezo kwamba dawa ni watu "wasome pande zote mbili". Wanafunzi wale 48 walisoma pande zote mbili! Mwaka 2018 Christopher Bail na wenzake waliwalipa watumiaji wa Twitter nchini Marekani wafuate, kwa mwezi mmoja, akaunti iliyosambaza maoni ya upande wa pili. Wafuasi wa Republican walizidi kuwa wahafidhina, na wale wa Democratic hawakusogea kwa kiasi cha kutegemewa. Wala msipendekeze kwamba watu wahimizwe kuwa waadilifu. Lord na Lepper, safari hii pamoja na Elizabeth Preston, walilijaribu hilo mwaka 1984. Kundi moja liliambiwa lipime ushahidi bila upendeleo, kama hakimu. Halikubadilika. Kundi lingine likaambiwa lijiulize katika kila hatua: je, ningeipa mbinu hii alama hiihii kama utafiti huuhuu ungeleta matokeo ya upande wa pili? Kundi hilo ndilo lililonyooka.

Swali hilo nalitumia mwenyewe kila ninaposoma habari, na nawaambia mlitumie kwa namna ileile, siyo kwa jumla bali kwenye jambo mahususi. Habari inasema utafiti umefanyika kwenye kampuni moja. Igeuze matokeo kichwani, kisha uliza kama hiyo kampuni moja ingekutosha. Kama isingekutosha, basi haikutoshi sasa. Mkizoea hivyo mtaona wenyewe ni habari ngapi mlizipitisha kwa sababu tu zilikuja na jibu mnalolitaka.

Jambo lingine, mdogo wangu, usitegemee athari kubwa kwenye ile sehemu ya kuchagua. William Hart na wenzake mwaka 2009 walikusanya ripoti 67 zenye washiriki karibu 8,000, na wastani wa athari ukawa 0.36 kwa kipimo cha tofauti sanifu. Ipo, lakini si kubwa. Iliongezeka pale watu walipokuwa wamejifunga na msimamo wao, na iligeuka kabisa pale taarifa ya kupinga ilipokuwa na manufaa kwa lengo walilokuwa nalo wakati ule. Kwa vichwa kumi na darasa moja la washiriki, athari ya ukubwa huo inaweza kukupita usiione, halafu ukaandika kwamba haipo.

Kwa hiyo uchaguzi wa vichwa ubakize kama sehemu ya kwanza, bila nembo, kwa jozi. Sehemu ya pili kila mshiriki apewe makala mbili, moja ya kila upande, nawe ugeuze matokeo kwa nusu yao kama walivyofanya wale wa 1979. Aipe kila makala alama ya ubora wa mbinu kabla hujamuuliza kama imemshawishi, la sivyo jibu la pili litaliburuta la kwanza. Na wale waliojiweka katikati ya kipimo, kwenye 4, usiwaondoe kwenye uchambuzi kama wengi wanavyofanya. Hao hawana upande wa kuulinda, kwa hiyo alama zao ndizo zitakazokuonyesha kama moja ya mbinu zako mbili ni dhaifu yenyewe.