Umeng'oa jino Jumatatu, Alhamisi sikio linawaka

Shikamoo dokta. Niling'oa gego la chini Jumatatu, likatulia, Alhamisi maumivu yakaanza upya hadi sikioni na kichwani. Diklofenaki haisaidii, duka la dawa wamenipa amoksilini. Mama, Tandika

Marahaba mama. Hiyo inaelekea ni tundu kavu, yaani ile damu iliyoganda shimoni imetoka na mfupa umebaki wazi. Angalia siku zenyewe, kidonda cha kawaida kinauma mwanzoni halafu kila siku kinapungua, hiki kinakudanganya kimepoa, kisha kati ya siku ya pili na ya nne kinapanda kwa kishindo hadi sikioni, kwenye panja, hata jichoni, na ni upande uleule wa jino. Sikio lako ni zima, usiende kuwekewa matone. Mshipa wa fahamu wa taya ndio una tawi linalofika huko. Chukua kioo na tochi ya simu uone kama shimo ni tupu au kuna mfupa mweupe, mdomo nao unanuka na una ladha mbaya. Ila usichokonoe!

Hiyo amoksilini sasa, jamani nimechoka kuandika. Tundu kavu lenyewe halina usaha, tatizo ni mfupa kukosa kifuniko, na kidonge hakifuniki mfupa. Rudi ulikong'olewa, watasafisha shimo taratibu kwa maji ya chumvi na kuweka dawa yenye mafuta ya karafuu, wengi wanapata nafuu siku hiyohiyo, ingawa huenda ukarudi kubadilishiwa. Mafuta ya karafuu ya sokoni usijimwagie mwenyewe, yanaunguza nyama. Na ukiona uvimbe unaongezeka, homa, mdomo haufunguki au kumeza ni shida, hapo ni maambukizi, nenda hospitali usiku huohuo.

Nisukutue na chumvi kuanzia lini? Nimeng'oa leo asubuhi. Mbezi

Kesho. Swali hili kila wiki! Leo ng'ata gozi nusu saa hadi saa nzima bila kuitoatoa kuchungulia, usisukutue, usiteme teme, mate meza tu, na juisi kunywa kwenye glasi maana ukivuta kwa mrija unaweza kuing'oa ile damu. Kesho weka nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, inamisha kichwa huku na huku, kisha acha maji yadondoke yenyewe. Meno mengine piga mswaki kama kawaida.

Sigara moja tu jioni si mbaya? Kinondoni

Mbaya. Siku tatu angalau, na shisha ni sigara pia.

Natumia vidonge vya majira, ni kweli vinaleta hili tatizo? Dada wa Mbagala

Vile vyenye estrojeni vinaongeza uwezekano, hasa ukiwa unang'oa gego la mwisho la chini. Usiviache kwa ajili ya jino, mwambie tu daktari kabla hajachoma ganzi. Wengi wenu mnaulizwa dawa mnazotumia mnajibu hakuna, kumbe ziko kwenye pochi.