Meseji ulizozitoa kwenye simu zimejaa ðŸ˜‚? Usibonyeze Save kwanza

Mdogo wangu alitaka kuchapisha meseji za kundi letu la familia, za miaka minne, kabla hajabadilisha simu. Akazitoa kama faili la maandishi, akajitumia kwa barua pepe, akalifungua kwenye kompyuta ya zamani aliyoikuta kazini. Jioni akanipigia: "Dada, simu imenipa takataka." Nikamwambia anisomee mstari mmoja. Akashindwa kuusoma, akanitumia picha ya skrini:

```
Nimeng’oa jino leo 😂
```

Mstari wenyewe ulikuwa wangu, na niliuandika hivi:

```
Nimeng’oa jino leo 😂
```

Tazama kilichoharibika na kilichosalimika. Maneno yote yapo. Kilichovurugika ni kile kikoma cha juu kwenye ng’ na kile kikatuni cha kucheka. Hapo nikajua kwamba faili lilitoka kwenye simu likiwa zima na simu haina kosa. Kompyuta ndiyo iliyolisoma kwa kanuni isiyo yake.

Faili la maandishi halina herufi ndani yake, lina namba tu, yaani baiti. Anayelifungua ndiye anayeamua namba ipi ni herufi ipi. Simu za siku hizi huandika kwa kanuni iitwayo UTF-8. Programu nyingi za zamani za Windows hudhani faili limeandikwa kwa Windows-1252, ambayo kwenye menyu huitwa ANSI. Kanuni hizi mbili zinakubaliana kabisa kuanzia a hadi z, tarakimu na alama za kawaida. Kiswahili chetu karibu chote kinaishi humo, ndiyo maana unaweza kupitia kurasa tatu bila kuona kosa, halafu ghafla unagongana na ng’. Na hata hiyo ng’ huvurugika pale tu kibodi ya simu inapoweka kikoma kilichopinda. Kile kilichonyooka, ' , hupita salama.

Kikoma kilichopinda huchukua baiti tatu katika UTF-8: E2 80 99. Windows-1252 husoma kila baiti kama herufi inayojitegemea, ikapata â, kisha €, kisha ™. Emoji ya kucheka ni baiti nne, F0 9F 98 82, kwa hiyo unaona alama nne: ð, Ÿ, ˜ na ‚. Ukishauzoea mtindo huu huhitaji tena kubahatisha. Penye â€ hapo palikuwa na kikoma, kistari kirefu au alama ya kunukuu. Penye ðŸ palikuwa na emoji.

Mpaka hapa dawa ni rahisi. Funga faili bila kuhifadhi chochote. Kwenye Notepad usilibonyeze faili mara mbili. Nenda File, kisha Open, na chini ya dirisha, kwenye orodha ya Encoding, chagua UTF-8. Notepad za karibuni huitambua zenyewe. Kama unazitaka meseji kwenye Excel, pita Data, kisha From Text/CSV, na kwenye File Origin uchague `65001: Unicode (UTF-8)`. Excel ukiifungulia faili la CSV kwa kulibonyeza tu, mara nyingi itakuletea takataka zilezile.

Ukiona kisanduku cheupe mahali pa emoji, hilo ni jambo jingine. Kanuni iko sawa ila fonti ya kompyuta haina picha hiyo. Nakili kisanduku, kibandike kwenye meseji ya simu. Emoji ikitokea, faili lako halina tatizo.

Sasa, mdogo wangu hakunipigia mara moja. Alikuwa ameshakaa na lile faili saa nzima "akilisafisha", na alikuwa ameshahifadhi. Na barua pepe yenye nakala ya kwanza alishaifuta, maana yeye ni mtu wa kupenda usafi. Hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu kuna namna mbili za kuhifadhi vibaya, moja inatibika na nyingine haitibiki.

Ya kwanza: programu imesoma takataka, kisha ikazihifadhi kama UTF-8. Sasa takataka ndiyo maandishi rasmi. Ukilifungua kwa UTF-8 bado unaona ðŸ˜‚, hata ufanye nini. Dalili nyingine ni ukubwa: emoji ile ya baiti nne sasa inachukua baiti tisa, na kikoma cha baiti tatu kimekuwa nane, kwa hiyo faili limenenepa bila mtu kuongeza neno. Lakini hakuna kilichopotea. Inabidi kurudi kinyumenyume tu.

Ya pili: faili limesomwa vizuri, halafu mtu akachagua ANSI wakati wa kuhifadhi. Windows-1252 haina emoji hata moja, kwa hiyo kila moja iligeuzwa kuwa alama za kuuliza, kwa kawaida mbili. Ukilifungua kwa UTF-8 utaona hivi:

```
Nimeng�oa jino leo ??
```

Ile � inaokoleka: fungua kama ANSI na kikoma kitarudi, kwa sababu Windows-1252 inacho kikoma kilichopinda. Lakini `??` ni alama za kuuliza kwelikweli sasa. Hakuna programu itakayokwambia kama mtu alikuwa anacheka au analia. Rudi kwenye simu, toa meseji upya.

La mdogo wangu lilikuwa la kwanza, kwa bahati. Nilijaribu kwanza njia ya moja kwa moja ya Python, `encode("cp1252")` kisha `decode("utf-8")`. Ikafanya kazi kwenye mistari mingi, ikakwama kwenye ❤. Baiti za moyo ni E2 9D A4, na 9D ni mojawapo ya namba tano ambazo Windows-1252 haikuzipa herufi yoyote. Windows huipitisha kimyakimya, Python hugoma. Kwenye kundi la familia mioyo ni mingi kuliko salamu, kwa hiyo ilibidi nitafute kingine. Maktaba ya `ftfy` inalijua tatizo hili:

```
pip install ftfy
```

```python
import ftfy

with open("meseji.txt", encoding="utf-8") as f, \
     open("meseji_safi.txt", "w", encoding="utf-8") as g:
    for mstari in f:
        g.write(ftfy.fix_encoding(mstari))
```

Nimetumia `fix_encoding` kwa makusudi, si `fix_text`. Hiyo ya pili hunyoosha pia vikoma na kugusa mambo mengine, nami nilitaka meseji zibaki kama zilivyoandikwa. Na nimekwenda mstari kwa mstari ili mmoja uliokufa usizuie mingine. Inaandika faili jipya, la zamani linabaki palepale.

Mistari mingi ikarudi, pamoja na jino langu. Iliyogoma ni ile ambayo mdogo wangu alikuwa ameishughulikia kwa Find na Replace, akifuta kila ˜ aliyoiona kwa kuwa ilimkera. Emoji iliyong’olewa baiti yake ya tatu hairudi. Hizo tulizirekebisha kwa mkono, simu yake ikiwa mezani, tukisoma meseji moja baada ya nyingine mpaka saa sita usiku.