Baba anauliza mbona haponi: tumwambie?

Shangazi, shikamoo. Baba yetu ana miaka 68. Daktari alituita watoto pembeni, akatuambia kuwa ana saratani ya umio ambayo imekwisha kufika kwenye ini. Mama na shangazi zetu wakaamua aambiwe ni vidonda vya tumbo. Sasa chakula kinapita kwa shida, na kila siku ananiuliza mimi, kifungua mimba wake, mbona dawa hazimsaidii. Mdogo wangu wa kiume anasema atamwambia Jumapili tukikusanyika, na atamwambia pia kwamba pombe na sigara ndizo zilizomfikisha hapo, kwa sababu ukweli ni ukweli. Nani kati yetu ana huruma na nani mkatili?
Kifungua mimba, Moshi

Marahaba, mwanangu. Mgonjwa asiyetaka kujua kwa kawaida haulizi. Atazungumzia mvua, ng'ombe na karo za wajukuu. Baba yako anauliza, tena anakuuliza wewe, na kwa ugonjwa huu mwili wenyewe humtangulia daktari: kwanza nyama hukwama, kisha ugali, kisha hata ndizi zilizopondwa, na mwishowe uji unarudi. Mzee aliyeyaona hayo yote yakimpata, huku nguo zikimpwaya, ana nusu ya habari tayari. Anachokosa ni mtu wa kuzungumza naye, maana kila anayemkaribia amebeba simulizi ile ile ya vidonda.

Mimi hupima maneno machungu kwa swali moja: anayeambiwa atayatumia kufanya nini? Kwa baba yako jibu ni refu. Saratani ya umio iliyofika kwenye ini kwa kawaida haiponi, lakini yapo mengi ya kumpunguzia taabu, na karibu yote yanahitaji ridhaa yake. Hospitali zenye vifaa huweza kumwekea ndani ya umio mrija mdogo wa wavu unaotanuka na kufungua njia, ili aweze tena kumeza vyakula laini. Hauondoi ugonjwa, na siku za kwanza kifua huweza kuuma; baadaye atalazimika kula kidogo kidogo, kutafuna sana, na kulala kichwa kikiwa kimeinuliwa ili chakula kisimrudie. Mtamwelezaje mambo hayo mtu anayeamini kuwa ana vidonda vya tumbo? Maumivu yakizidi anaweza kuandikiwa mofini ya kunywa, ambayo ikipimwa vizuri haimharakishii kifo, ingawa hufunga choo na hivyo huambatana na dawa ya kulainisha. Tena kuna shamba, madeni, ndugu aliyekosana naye, na sala anazotaka kuzisali akiwa na nguvu. Kila wiki ya vidonda vya tumbo inachukuliwa kutoka kwenye muda huo.

Usimlaumu mama yako hata hivyo, na msikubali mtu yeyote awaambie kuwa kuficha ni ushamba wetu na kusema wazi ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1961 madaktari wa Marekani walipoulizwa, asilimia 90 walipendelea kutomwambia mgonjwa kuwa ana saratani. Ilipofika mwaka 1979 asilimia 97 walipendelea kumwambia. Hofu ya mama ni ile ile waliyokuwa nayo madaktari wale, kwamba mgonjwa atakata tamaa. Mfuate kabla ya kumfuata baba, mwambie kwamba hatalazimika kutamka lolote yeye mwenyewe, na mwombe tu asikanushe yatakapokuwa yamesemwa.

Sasa mdogo wako. Amefunga mambo mawili katika furushi moja, ugonjwa na shutuma, na anadhani la kwanza linahalalisha la pili. Lipime lile la pili: baba akijua leo kwamba pombe ndiyo chanzo, atafanya nini na habari hiyo? Hakuna. Hataweza kuirudisha miaka, na kumeza hakutakuwa rahisi zaidi. Isitoshe, jambo lenyewe halina uhakika huo anaoutangaza. Ni kweli kwamba tumbaku na pombe huongeza hatari ya saratani hii, lakini katika ukanda wetu wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi kusini, hupatikana kwa wingi usio wa kawaida, na miongoni mwa wagonjwa wapo wengi ambao hawakunywa wala kuvuta, wakiwemo vijana, kama inavyoonekana kule Bomet nchini Kenya. Watafiti wanachunguza pia vinywaji vya moto mno, moshi wa jikoni na lishe duni. Hakuna daktari awezaye kumtazama baba yako mmoja na kuapa kwamba ni pombe. Kijana anayesema ukweli ni ukweli atakuwa amemhukumu mzee kwa dhana, tena mbele ya wakwe na wajukuu.

Nashuku ana jeraha lake la zamani, pengine usiku ambao baba alirudi amelewa na ninyi mkiwa wadogo. Kama ni hivyo, hilo ni lake na lina haki ya kusemwa, lakini alitaje kama maumivu yake mwenyewe, wawili faraghani, wakati baba ana nafuu, na asilivishe nguo ya uchunguzi wa daktari.

Kuhusu namna ya kusema, chagua saa ambayo maumivu yametulia na hakuna wageni. Anza kwa kumuuliza: "Baba, wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu?" Utashangaa ni kiasi gani ameshakisia. Kisha muulize kama anataka aelezwe yote au angependa wewe na daktari muyashughulikie. Wapo wazee wanaojibu, "Ongeeni na daktari, mimi niacheni," na hilo huheshimiwa, mradi limetoka kinywani mwake na si kwa shangazi zako. Akitaka kujua, mtangulizie kwamba habari si nzuri, halafu litaje jina: saratani. Ukisema "uvimbe" au "ugonjwa mkubwa kidogo" atatoka hapo na matumaini ambayo utalazimika kuyavunja mara ya pili. Baada ya hapo nyamaza, hata akikaa kimya muda mrefu. Wengi huharibu hapa kwa kujaza ukimya na mawaidha. Usimpe hesabu ya miezi, maana hakuna anayeijua, na akikuuliza mwambie hivyo. Usimwambie pia kwamba hakuna la kufanya, kwa kuwa lipo, na kitu cha kwanza atakachotaka kusikia ni jinsi atakavyosaidiwa kumeza na kulala bila maumivu. Ya ini yanaweza kusubiri mazungumzo ya pili asipoyauliza.

Atakuuliza mbona mlimdanganya. Jibu ni fupi: tuliogopa, baba. Usimtupie mama.

Wiki hii, kabla ya Jumapili hiyo, nenda kwa daktari peke yako au na mama, umwombe akupe nafasi ya kuzungumza na baba akiwepo yeye, na umuulize mambo mawili: kama mrija unamfaa, na nani wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia taabu mgonjwa asiyeweza kupona, anayeweza kumwandikia dawa za maumivu. La mrija lisisubiri mpaka maji nayo yakatae kupita, kwa sababu kufikia hapo atakuwa amedhoofika sana na kazi yenyewe huwa ngumu zaidi. Mdogo wako mpe jukumu la kutafuta usafiri.