Karanga kudumaa na kuwa njano hata baada ya kuua vidukari

"Niko Nachingwea. Nilipiga dawa vidukari kwenye karanga wakafa, lakini mashina mengine yamedumaa na kuwa njano. Baada ya wiki vidukari wamerudi. Wanatoka wapi, na nipige dawa gani?"

Ndugu, huo unaelekea kuwa ukoma wa karanga, wataalamu wanauita rozeti. Dawa ya kuuponya hakuna. Mimi nalima Masasi, nauona mara kwa mara. Ila angalia kwanza kama si ardhi iliyochoka: upungufu wa naitrojeni huanzia majani ya chini na kushika eneo zima. Ukoma hujionyesha kwenye majani machanga; yanatoka madogo, pingili zinakuwa fupi, shina linajikusanya kama kichaka, na shina la jirani linaweza kuwa zima kabisa.

Kuhusu kurudi: hao weusi unaowaona ni majike. Kwenye joto letu hawangoji dume wala hawatagi mayai. Jike huzaa watoto hai, na mtoto huzaliwa tayari ana vijusi tumboni. Kwa wiki moja hivi naye anazaa. Akinusurika mmoja chini ya jani, umerudi ulikoanza.

Wengi wao hawana mbawa. Wakisongamana, au mmea ukianza kuchoka, majike huzaa watoto watakaoota mbawa. Hao ndio wanaovuka shamba hadi shamba, na kwa kuwa ni warukaji dhaifu, upepo ndio unaowachagulia njia.

Virusi vya rozeti havimwingii kidukari kwa kuonja tu. Lazima afyonze mmea mgonjwa kwa saa kadhaa, vipite tumboni hadi kwenye tezi za mate. Baada ya hapo anavibeba maisha yake yote, na kuambukiza shina jipya kunamtosha dakika chache. Kwa hiyo dawa yako iliua wadudu ambao kazi walishaimaliza. Watoto wao lakini huzaliwa safi. Wanavipata wakinyonya shina gonjwa, na hapo ndipo pa kuwawahi.

Shina lililougua likiwa changa halitakupa karanga za maana, ling'oe. Kama lina vidukari, lipulizie dawa kwanza, maana ukiling'oa hivyo hivyo watatembea kwenda kwa jirani. Yaliyougua yakiwa yameshaweka maganda yaache.

Kiangazi ng'oa maotea ya karanga, hasa mabondeni kwenye unyevu, kwa sababu virusi vinaweza kuvukia humo msimu. Kunde pia humfuga mdudu, usizipande zikaachwa kandokando tu bila kuangaliwa. Msimu ujao wahi kupanda na mvua za kwanza, kwa nafasi ya sentimita 50 kwa 10, na ziba mapengo mapema: wenye mbawa hupenda kutua penye mimea michache na udongo wazi.

Mbegu yako usiitilie shaka, rozeti haipiti kwenye mbegu. Ila kituo cha utafiti cha Naliendele waulize aina zinazoustahimili ukoma.