Bango limeletwa na dole gumba tu

Swali: Mimi ni dizaina, kazi nilijifunzia kwenye duka la uchapaji. Kikundi chetu cha wafugaji wa kuku hapa Kibaha kina semina, na bango kapewa kijana wetu mmoja aliyejifundisha Canva mwenyewe. Jana usiku kaleta PDF kwenye kundi la WhatsApp, chini yake 👍, basi, hakuna hata neno. Wenzangu saba nao wamejibu 👍. Mimi naona makosa. Nimpe maoni, nimnyooshee kimyakimya, au nimpe moyo tu kwa kuwa ndiyo kazi yake ya kwanza? PDF nimeambatisha.

Jibu: Ndugu yangu, hiyo PDF nimeifungua, na macho yangu yameruka picha na rangi yakatua kwenye mstari wa chini: "Jumapili 14 Juni 2025, Saa 8:00".

Tarehe 14 Juni 2025 ni Jumamosi. Kwa hiyo ama siku imekosewa ama tarehe. Na hiyo saa ndiyo balaa zaidi. Mfugaji wa Mlandizi akiisoma ataelewa saa nane mchana, aje akiwa ameshakula. Lakini kijana wetu anafanya kazi kwenye simu, na kalenda ya simu huandika 8:00 kwa saa mbili asubuhi. Ukifuata saa isiyo yake, utafika ukumbini mlango bado umefungwa, au utakuta wanakunja viti. Kosa hili nimelikuta kwenye mabango mengi kuliko kosa lolote la rangi, na halionekani kirahisi kwa sababu kila asomaye ana saa yake kichwani.

Sasa tazama: wewe hujui ipi ni sahihi, na mimi sijui. Ukikaa usiku ukamnyooshea kimyakimya, utalazimika kubahatisha. Utaandika "Jumamosi, saa 2:00 asubuhi" kwa herufi nzuri zilizopangika, na kama kikundi kilikubaliana Jumapili tarehe 15 utakuwa umetengeneza bango maridadi la uongo. Ndiyo maana kunyoosha hakuwezi kuja kwanza. Kinachotangulia ni kuuliza.

Kuhusu lile dole. Kwa sisi wa uchapaji 👍 ina tabia mbaya ya kugeuka idhini. Mchapaji akikutumia nakala ya kukaguliwa nawe ukamjibu 👍, karatasi inaingia mashineni. Hata mahakamani limefika: mwaka 2023 jaji wa Saskatchewan, Kanada, aliamua kwamba mkulima aliyejibu 👍 chini ya picha ya mkataba wa kuuza mbegu za kitani alikuwa ameukubali, na akaamriwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Hapo Kibaha hakuna atakayeshtakiwa, lakini kijana sasa ana madole saba mkononi, na akiyahesabu kama ruhusa hatakuwa amekosea. La nane lisitoke kwako.

Dole alilotuma yeye linaweza kuwa na maana tatu: nimemaliza naenda kuchapa, au semeni mnaonaje, au nimefurahi tu kuliona limekamilika. Usikae kuisoma nafsi yake. Lisome faili. Angeleta picha yenye jina la namna ya `IMG-20250603-WA0012.jpg`, ningesema bado anaonyesha tu, kwa sababu picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshabanwa na hakuna anayeipeleka kuchapwa akijua. Huyu kaleta PDF, yaani kichwani mwake safari ya mchapaji imeanza. Lakini ukurasa wake una milimita 297 kwa 420 kamili, hakuna alama za kukatia wala ile ziada ya milimita 3 kila upande, ilhali kijani chake kinakwenda mpaka ukingoni. Anayejua angetoa ukurasa wa 303 kwa 426. Kwa hiyo yuko njiani kwenda kwa mchapaji bila kujua anachodaiwa kule, na hilo linakwambia jibu lako liwe la haraka na lisiwe hotuba.

Mimi ningemwandikia hivi, na ningemwandikia yeye peke yake, nje ya kundi:

"Bwana mdogo, bango nimeliona. Yule jogoo umemkata vizuri, jicho linaanza kwake kisha linashuka kwenye jina la semina, usimguse. Nisaidie kabla halijaenda kuchapwa: semina ni Jumamosi tarehe 14 au Jumapili tarehe 15? Ni saa mbili asubuhi au saa nane mchana? Namba ya pili ya simu ina tarakimu 9, ipi imeanguka? Halafu niambie linachapwa lini, nijue tuna muda gani."

Hiyo namba ya simu huenda hukuiona. Namba zetu zikianza na 0 zina tarakimu 10, na ile ya pili nimeihesabu mara mbili. Namba za simu unazihesabu kwa kidole, kisha unazipiga. Mara moja nilipiga akapokea mama mmoja wa Tanga asiyejua lolote kuhusu harusi tuliyokuwa tukiichapia kadi.

Umeona sifa ya jogoo imekaa wapi. Imetangulia kwa sababu ni taarifa ya kazi: inamwambia kipi asikiharibu wakati anarekebisha vingine. "Hongera, kazi nzuri" haimwambii hivyo. Nimewahi kuona mtu akirudisha bango amesahihisha tarehe, na wakati huohuo ameondoa picha ambayo ndiyo ilikuwa inalibeba, eti alidhani nayo haikupendwa.

Akishajibu, muda uliobaki ndio utakaokuongoza. Akisema linachapwa wiki ijayo, mpe jambo moja tu la muundo, na kwenye bango hili jambo lenyewe ni ule mstari wa ada ya kiingilio. Ni wa njano, umekaa juu ya anga ambalo kwenye picha hii limekuwa karibu jeupe. Njano safi juu ya nyeupe ina uwiano wa 1.07 kwa 1, wakati kiwango kinachotumika kwa maandishi ya kawaida ya kwenye skrini ni 4.5 kwa 1. Lakini namba hizo usimpe, zitamtisha bure. Mpe jaribio. Kioo cha simu kina upana wa sentimita 7 hivi, kwa hiyo bango likijaa upana wake linakuwa na kimo cha sentimita 10. A3 ina kimo cha sentimita 42, kubwa mara nne na kidogo. Akinyoosha mkono na kuishika simu umbali wa sentimita 70, anaona kile ambacho mpita njia ataona ukutani akiwa mita 3. Mwambie asimame hivyo asome kiingilio ni shilingi ngapi. Mimi nilishindwa. Yeye akishindwa, hutahitaji kumshawishi, na ataibadili rangi mwenyewe au atauwekea mstari ukanda mweusi nyuma yake.

Mengine yaache. Ana fonti nne, mimi ningetumia mbili, lakini hakuna atakayekosa semina kwa sababu ya fonti. Picha ya jogoo nayo ina pikseli 1,200 zilizotandazwa kwenye upana wote wa A3, yaani kama 103 kwa inchi. Wale wa "lazima iwe 300" watapiga kelele, ila 300 ni ya kitu unachoshika mkononi. Ukutani manyoya yatalainika kidogo, jogoo atabaki jogoo.

Akisema linachapwa kesho asubuhi, hapo ndipo kunyoosha kunapata nafasi yake, na ni kwa mambo ya kimitambo tu, si ya ladha. Hata hapo usifungue faili lako jipya. Mwelekeze: wakati wa kupakua achague `PDF Print`, aweke tiki kwenye `Crop marks and bleed`, na kabla ya hapo aivute ile mandhari ya kijani ivuke ukingo wa ukurasa, la sivyo ziada itatoka nyeupe na mkasi ukiteleza nusu milimita utaona uzi mweupe pembeni mwa nakala zote. Kama hawezi, akualike kwenye kazi yake uifanyie humohumo.

Nakataza faili la pili kwa sababu liliniponza. Miaka hiyo nilimnyooshea mwenzangu kipeperushi, nikampelekea mchapaji `final2.pdf`, naye mwenzangu kumbe alikuwa ameshasahihisha jina la mgeni rasmi kwenye `final.pdf` yake. Mchapaji akachapa la kwangu, lililopangika vizuri, lenye jina lililokosewa. Nakala 500. Tulikesha tukibandika vikaratasi juu ya jina, na vingine vilikaa upande.

Na kumpa moyo tu, bila maoni? Kungekuwa sahihi kama bango lingekuwa limeshabandikwa ukutani, au kama lingekuwa zoezi lisilokwenda popote. Hapo makosa ya muundo yangesubiri kazi inayofuata. Lakini saa na namba ya simu ungezitaja hata kama lipo ukutani, maana hizo zinasahihishika kwa kalamu ya wino mzito.

Siku akileta nembo na 👍, geuza mwendo wako. Bango linaishi wiki tatu, nembo itakaa kwenye muhuri, fulana na risiti kwa miaka, kwa hiyo hata uikute imekamilika usiharakishe. Mwombe aitoe nyeusi tupu, upana wa sentimita 2, aichape kwenye karatasi ya kawaida. Manyoya yakigandamana yakawa doa, mna la kuzungumza.

Kwa sasa kuna kundi lenye madole saba. Kijana akishakujibu, mwache yeye mwenyewe aandike pale kwamba tarehe na saa zinahakikiwa na PDF ya jana isichapwe wala kusambazwa. Wewe ukiandika, litaonekana tangazo la makosa yake. Na PDF mpya ikija, hesabu tena tarakimu za namba zote mbili, pamoja na ile iliyokuwa sahihi.