Barua kwa mwanangu: nafasi mbili, moja haina posho

"Mama, nimepata nafasi mbili za mafunzo tarajali ya uhasibu. Ofisi ya ukaguzi Posta hailipi chochote, miezi sita. Duka la jumla Kariakoo linatoa posho ya 150,000 kwa mwezi. Niende wapi nisije nikatumikishwa bure?"

Mwanangu mpenzi,

Anza na hesabu. Nauli na chakula tukadirie 6,000 kwa siku, siku 22, ni 132,000 kwa mwezi. Kariakoo utabakiwa na 18,000. Posta utakuwa umetoa 792,000 hadi umalize. Hiyo ni ada, basi uliza inalipia mafunzo gani.

Mimi nilikaa miezi mitano kwenye ofisi moja, kila asubuhi napewa boksi la risiti niziingize kwenye kompyuta. Wiki ya pili nilikuwa nimeshajua yote. Siku niliyoumwa nilipigiwa simu mara tatu, maana ritani ya VAT hupelekwa kabla ya tarehe 20 kupita na hapakuwa na mwingine wa kuifanya. Nilipoondoka, mwanafunzi mwingine akakalia kiti kile kile. Nilikuwa karani asiye na mshahara, na iliniuma sana kulijua hilo nikiwa nimeshaondoka.

Ofisi iliyofuata nilipewa taarifa ya benki nilinganishe na daftari la fedha. Tofauti ikawa 9,000. Msimamizi hakunitajia kosa. Alivuta kiti akaniambia tofauti ikigawanyika kwa 9, nitafute tarakimu zilizopinduana. Nikaikuta hundi ya 54,000 imeandikwa 45,000. Nusu saa yake ilipotea kwangu, na angeimaliza kazi ile mwenyewe kwa dakika tano. Anayekufundisha kweli unamchelewesha, hasa mwezi wa kwanza.

Kwa hiyo posho peke yake isikuamulie. Katafute kijana aliyepo pale sasa, umsubiri akitoka jioni. Muulize nani hupitia kazi yake na humrudishia vipi, na mwezi huu anafanya nini ambacho mwezi wa kwanza hakukiweza. Bosi muulize swali moja tu: asipokuwepo mwanafunzi, kazi hii hufanywa na nani? Akikosa jibu, ujue wanaziba pengo la mwajiriwa.

Na ukishaingia, andika kila siku muda na kazi uliyofanya. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa hata kwa kigezo kimoja, mfano amemfanyia mtu kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwajiri anaweza kuthibitisha kwamba ulikuwa mwanafunzi, lakini mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi daftari lako litaonyesha ulichokuwa ukifanya.

Posta wakikutajia msimamizi kwa jina na ukaguzi utakaokwenda naye, nauli nitakutumia mimi. Nipigie Jumamosi, ukishaongea na yule kijana.

Mama yako