Kabla hujalipia bomba la kupulizia, ulizia sili yake

Masika ya mwaka juzi nilikuwa na nusu eka ya nyanya Kahe, chini huku tambarare, na bomba jipya la lita 16 nililonunua mjini Moshi kwa elfu arobaini na tano. Lilikuwa linang'aa, limeandikwa jina linalofanana na la kampuni kubwa, herufi moja tu ndiyo iliyobadilishwa. Sikuiona hiyo herufi mpaka siku lilipoharibika.

Wiki ya tatu mkono wa kupampia ulianza kuwa mzito. Nikadhani ni mchanga. Siku mbili baadaye ukalegea ghafla, napampu mpaka bega linauma na kwenye nozeli yanatoka machozi. Nilipofungua nikakuta sili ya pistoni imevimba kama andazi, imechanika upande mmoja. Nilikuwa napulizia dawa ya wadudu ile ya mafuta, ambayo kibandiko chake kina herufi EC na ukiichanganya na maji inakuwa nyeupe kama maziwa. Viyeyusho vilivyomo humo hula mpira duni: kwanza unavimba, ndiyo maana mkono unakuwa mzito, halafu unachanika. Kwa hiyo ukiona bomba linaanza kuwa zito bila sababu, usisubiri lilegee.

Sili yenyewe ni kitu cha elfu mbili. Nilizunguka maduka ya pembejeo siku mbili na sili yangu mkononi. Zote zilikuwa kubwa kidogo au ndogo kidogo. Aliyeniuzia bomba aliniambia, "Hizo vipuli haziji, kaka, yanakuja mabomba tu." Wakati huo mvua hainyamazi na bakajani imeshaingia kwenye nyanya. Siku ya nne nikaazima bomba la jirani, lakini mistari sita ya upande wa mfereji ilikuwa imeshakuwa myeusi.

Tangu hapo nanunua kinyumenyume. Naanza na vipuli. Naingia dukani, sigusi bomba, nauliza: "Mangi, sili ya pistoni ya hili unayo? Na oringi za fimbo? Na nozeli?" Akisema anazo, namwomba anitolee nizione. Akisema zitakuja wiki ijayo, namshukuru natoka. Halafu naenda duka la pili, la watu wasiohusiana na yule wa kwanza, nauliza vilevile. Kipuli kinachopatikana kwa mtu mmoja tu ni sawa na hakipo, maana siku unayokihitaji ndiyo siku amefunga duka kaenda msibani. Mabomba kama Solo ya Ujerumani, Matabi ya Uhispania au Jacto ya Brazili yana sifa nzuri, lakini hata hayo yaulizie vipuli vyake hapo hapo ulipo. Jina zuri lisilo na sili Moshi halitakusaidia Kahe.

Vipuli vikipatikana, ndipo naliomba bomba lenyewe, pamoja na lita tano za maji. Wauzaji wengine hununa. Mwenye bomba zuri hanuni.

Natia maji, nafunga kifuniko, nalilaza ubavu. Maji yakitoka kifunikoni, shambani ni dawa itakayokushuka mgongoni. Nalisimamisha, napampu mpaka mkono ukaze, halafu naacha bila kupulizia na kuangalia maungio: pale mpira unapoingia kwenye tangi, pale unapoingia kwenye kifyatuo, na kwenye kofia ya nozeli. Tone moja dukani, presha ikiwa mpya kabisa, litakuwa matone mengi baada ya mwezi. Mwisho nafyatua bila kupampu tena. Bomba lenye chemba nzuri ya presha linaendelea kutoa ukungu laini kwa muda kabla ya kufifia. Likikohoa papo hapo, utapampu kama unatwanga mahindi, na dawa itakaa kwa mabaka.

Bado sijamaliza na muuzaji. Namwomba anionyeshe jinsi ya kuifungua pampu yake. Kama linahitaji spana tatu na koleo, fikiria ukilifungua katikati ya shamba, mikono ina dawa, glavu zimelowa. La kufungua kwa mkono ni bora. Na nachungulia ndani ya tangi kama kuna kasia la kukoroga linalocheza mkono ukipampu. Kwa wa kahawa hili ni la lazima, kwa sababu dawa ya kopa ya chulebuni na kutu ya majani ni unga, haiyeyuki, inatuama chini. Bila kukoroga, mibuni ya kwanza inapata dawa kali na ya mwisho inapata maji.

Hiyo kopa inanileta kwenye swali ninaloulizwa sana na wazee wa kihambani: pistoni au daiframu? Unga wa kopa unasugua kama msasa. Kwenye pistoni unaingia kati ya sili na silinda, unachora. Daiframu ni kiwambo cha mpira kinachopanda na kushuka bila kusuguana na kitu, kwa hiyo kinavumilia unga zaidi. Pistoni nayo inatoa presha kubwa zaidi, inayosaidia kufikisha dawa ndani ya mbuni wenye majani mengi. Mimi nimebaki na pistoni, si kwa ubora wake, ni kwa sababu sili zake nazipata maduka matatu na kiwambo cha daiframu nimekikuta duka moja.

Pia lita 20 zisikutamanishe kama shamba lako liko Kibosho kwenye mteremko. Maji peke yake ni kilo 20, bado bomba.

Kipuli kinachokufa bila kelele ni nozeli. Haivuji, tundu lake linapanuka tu. Nililigundua hili nilipoona shamba lilelile lililokuwa linakula mabomba sita sasa linataka karibu manane. Nikachukua jagi lenye alama za mililita, nikapampu kwa mwendo wangu wa kawaida na kukinga maji dakika moja kamili. Nozeli mpya ilitoa mililita 700. Ile iliyopiga kopa msimu mzima ilitoa 910, yaani asilimia 30 zaidi, na matone yake makubwa yalikuwa yanateleza kwenye jani na kudondoka chini. Ikizidi asilimia 10 ya mpya, itupe. Andika kipimo cha nozeli siku unayonunua bomba, vinginevyo hutakuwa na cha kulinganisha. Na ikiziba, isafishe kwa mswaki wa zamani. Waya unapanua tundu, na mdomo, tafadhali, usithubutu.

Mkasi wa kupogolea mibuni nao nanunua hivyohivyo: ulioshikwa kwa nati unafunguka, unanolewa na kubadilishwa springi, ulioshikwa kwa ribiti ukilegea umekwisha.

Sasa hivi stoo kwangu linaning'inia kopo la siagi: sili mbili za pistoni, oringi nne, nozeli moja mpya, na kikaratasi kilichoandikwa "700". Lile bomba la elfu arobaini na tano nililitoboa kwa msumari wa moto, maana mama watoto alishaanza kuuliza kama linafaa kuchotea maji ya ng'ombe.